Spredi ya Uwiano na Hatari ya Opsheni ya Ziada

Spredi ya uwiano ni mpango wa biashara ya opsheni ambamo mtu hununua opsheni chache na kuuza nyingi zaidi za aina ileile. Zote huwa za hisa moja na huisha siku moja, ila zile zilizouzwa zina bei ya mkataba tofauti na ile iliyonunuliwa. Uwiano unaotumika sana ni moja kwa mbili: inanunuliwa moja, zinauzwa mbili. Watu huupenda mpango huu kwa sababu kuingia ni rahisi. Mara nyingi gharama ni ndogo mno, na mara nyingine mtu hulipwa kwa kuingia. Unafuu huo una chanzo kimoja tu, nacho ni ile opsheni ya pili iliyouzwa bila kitu cha kuikinga.

Ili kuelewa mpango wenyewe, ni vizuri kuanza na opsheni moja. Opsheni ya kumpa mtu haki ya kununua hisa kwa bei iliyokubaliwa, kabla ya tarehe fulani au siku yenyewe, huitwa koli. Aliyeinunua hulipa ada na hapotezi zaidi ya ada hiyo, maana ana haki tu wala hana wajibu. Aliyeiuza hupokea ada, na kwa kuipokea anafungwa na wajibu: mwenye haki akiidai, lazima apewe hisa kwa bei iliyokubaliwa hata kama sokoni imepanda mara tano. Katika soko la Marekani, ambako biashara hii ndiyo imeshamiri, koli moja ya hisa kwa kawaida huhusu hisa 100. Kwa hiyo ada ikitajwa kuwa dola 2, fedha inayobadilishana mikono ni dola 200.

Mfano wa moja kwa mbili

Ichukuliwe hisa inayouzwa dola 100, na opsheni zilizobakiza siku 60 kabla ya kuisha. Koli yenye bei ya mkataba ya dola 100 inauzwa dola 5, na koli yenye bei ya mkataba ya dola 110 inauzwa dola 2. Mfanyabiashara ananunua moja ya 100 na kuuza mbili za 110. Analipa dola 500, anapokea dola 400, na gharama yake ya kuingia inabaki dola 100, bila kuhesabu kamisheni ya dalali.

Siku ya kuisha ikifika na hisa iko dola 100 au chini yake, opsheni zote tatu zinakufa bila thamani, na hasara ni zile dola 100 za mwanzo. Hisa ikiwa imepanda hadi 110, koli ya 100 ina thamani ya dola 1,000 na zile mbili za 110 hazina thamani. Ukitoa gharama, faida ni dola 900, na hicho ndicho kilele cha mpango mzima. Faida mara tisa ya fedha iliyotolewa si jambo dogo, na ndiyo inayotangulizwa pale mpango huu unapoelezwa kwa wageni.

Kupita 110 mambo yanageuka. Kila dola ambayo hisa inapanda inaongeza dola 100 kwenye koli iliyonunuliwa, lakini inaongeza dola 200 kwenye deni la zile mbili zilizouzwa. Faida inaliwa dola 100 kwa kila hatua mpaka inakwisha kabisa hisa inapofika 119. Kuanzia hapo ni hasara tupu. Hisa ikiwa 130, hasara ni dola 1,100. Ikiwa 150, hasara ni dola 3,100. Na kwa kuwa bei ya hisa haina dari, hasara nayo haina dari.

Njia nyepesi ya kuuona undani wa mpango huu ni kuugawa vipande viwili. Kipande cha kwanza ni koli moja ya 100 iliyonunuliwa pamoja na koli moja ya 110 iliyouzwa. Hapo iliyouzwa ina kinga kamili: mwenye haki akidai hisa kwa dola 110, muuzaji anazipata kwa dola 100 kupitia koli yake mwenyewe. Kipande hiki kinagharimu dola 300, hakiwezi kupoteza zaidi ya hizo, na faida yake haivuki dola 700. Kipande cha pili ni koli moja ya 110 iliyouzwa peke yake, bila kinga, kwa dola 200. Faida yake ya juu ni hizo dola 200 na hasara yake haina mwisho. Mtu anayesema kwamba spredi yake imemgharimu dola 100 tu anasema kweli nusu. Ukweli wote ni kwamba amenunua spredi ya dola 300, na theluthi mbili za bei yake amezilipa kwa kubeba dhima isiyo na kikomo.

Utulivu wa siku za kwanza

Hatari hiyo haionekani siku ya kuingia, na hapo ndipo wengi wanapopotoka. Katika mfano huu, hisa ikiwa 100, kupanda kwake kwa dola moja kunaongeza takriban dola 53 kwenye thamani ya koli iliyonunuliwa, na takriban dola 26 kwenye kila moja ya zile zilizouzwa. Mbili zilizouzwa zinakaribia kuwa sawa na moja iliyonunuliwa. Bei ikicheza juu na chini kidogo, hesabu ya akaunti haitikisiki, na mtu anaweza kuamini kwamba ameshika kitu kilichotulia.

Lakini uwiano huo haukai mahali pamoja. Kadiri hisa inavyopanda, kila koli iliyouzwa inazidi kufuata mwendo wa hisa, mpaka mwishowe inapanda dola kwa dola pamoja nayo. Koli iliyonunuliwa nayo inafika huko huko, lakini yenyewe ni moja na zilizouzwa ni mbili. Matokeo yake ni kwamba mtu aliyeingia bila kuegemea upande wowote anajikuta, bila kuagiza chochote, yuko kama aliyekopa hisa 100 na kuziuza akitarajia zishuke, wakati zenyewe zinapanda.

Jambo la pili ni kwamba michoro ya faida na hasara inayooneshwa kwa wanaojifunza huwa ni ya siku ya kuisha tu. Kabla ya siku hiyo hali ni tofauti sana. Tuseme hisa ya mfano wetu imefika 110 baada ya siku 10 tu, zikiwa zimebaki siku 50. Bei hiyo ndiyo ya kilele, ambako mchoro unaahidi dola 900. Lakini koli zilizouzwa bado zina muda mwingi, na wanunuzi sokoni bado wanaulipia muda huo. Koli ya 100 itakuwa na thamani ya dola 11.60 hivi, na kila moja ya 110 dola 5.36 hivi. Spredi nzima ikifungwa siku hiyo inatoa chini ya dola 90, ilhali iligharimu 100. Mfanyabiashara amekisia bei sawasawa na bado hajapata kitu, kwa sababu bei imefika mapema.

Ikiwa hisa imeruka kwa habari ya ghafla, kwa mfano kampuni imetangaziwa dau la kununuliwa au imetoa hesabu nzuri kupita matarajio, hali huwa mbaya zaidi. Habari kama hizo hupandisha mara nyingi matarajio ya soko kuhusu mtikisiko wa bei, na matarajio hayo huongeza thamani ya opsheni zote zenye muda uliobaki. Hisa ikiwa 125 zikiwa zimebaki siku 50, na matarajio ya mtikisiko yakiwa yamekaribia mara mbili ya yale ya mwanzo, koli ya 100 inafika takriban dola 27 na kila koli ya 110 takriban dola 19.50. Kuifunga spredi kunahitaji kutoa dola 1,200, na ukijumlisha gharama ya kuingia, hasara ni dola 1,300. Mchoro wa siku ya kuisha ulikuwa umeandika dola 600 tu kwa bei hiyohiyo.

Dhamana inapodaiwa zaidi

Dalali hamruhusu mtu kuuza koli isiyo na kinga bila kuweka dhamana. Kwa kanuni ya kawaida ya Marekani, dhamana ya koli ya hisa isiyo na kinga ni ada yake ya wakati huo, pamoja na asilimia 20 ya bei ya hisa, ukitoa pengo lililopo ikiwa bei ya mkataba iko juu ya bei ya soko. Kiasi hicho kinachoongezwa juu ya ada hakishuki chini ya asilimia 10 ya bei ya hisa. Dalali ana uhuru wa kudai zaidi ya hapo, na katika siku za msukosuko wengi hudai.

Katika mfano wetu, siku ya kuingia asilimia 20 ya dola 100 ni 20. Ukitoa pengo la dola 10 inabaki 10, ukiongeza ada ya dola 2 inakuwa 12. Kwa hisa 100 hiyo ni dola 1,200. Hivyo spredi inayosemwa ni ya dola 100 inashikilia fedha mara kumi na mbili ya hizo. Hisa ikifika 125, pengo limeshatoweka: asilimia 20 ni dola 25, ada ni 19.50, na dhamana inakuwa dola 4,450 kwa koli moja ya ziada. Mwenye akaunti akishindwa kuijaza, dalali ana haki ya kufunga mkataba kwa bei yoyote iliyopo sokoni. Ndiyo maana watu wengi hawangoji siku ya kuisha kupata hasara yao. Hufungiwa wakati ada ziko juu kabisa, hata kama siku chache baadaye hisa inarudi ilikotoka.

Januari 2021 ilionesha hali hii kwa kiwango ambacho wachache walikuwa wamekiwaza. Hisa ya GameStop, kampuni ya Marekani ya maduka ya michezo ya video, ilifunga soko ikiwa chini kidogo ya dola 20 tarehe 12 mwezi huo. Tarehe 26 ilifunga karibu na dola 148, tarehe 27 karibu na 348, na Ijumaa ya tarehe 29 ikafunga dola 325. Bei hizi ni za kabla ya hisa hiyo kugawanywa nne kwa moja mwaka 2022. Aliyekuwa na spredi ya moja kwa mbili, yaani amenunua koli moja ya 20 na kuuza mbili za 30 zinazoisha tarehe 29, alikuwa anatafuta faida isiyozidi dola 1,000. Kwa bei ya kufunga ya siku hiyo, koli yake ya 20 ilikuwa na thamani ya dola 30,500, na zile mbili alizouza zilidai dola 59,000. Pengo ni dola 28,500 kwa spredi moja tu.

Hatari inayokuja polepole

Kisa cha GameStop kinaweza kumfanya msomaji adhani kwamba tatizo ni miruko ya ajabu tu. Sivyo. Mfuko wa uwekezaji wa Marekani uitwao Catalyst Hedged Futures Strategy Fund ulifanya biashara ya opsheni za mikataba ya baadaye ya S&P 500, na spredi za uwiano za koli, zenye nyingi zilizouzwa kuliko zilizonunuliwa, zilikuwa sehemu kuu ya kazi yake. Kati ya Desemba 2016 na Februari 2017 mfuko huo ulipoteza mamia ya mamilioni ya dola, takriban asilimia 20 ya thamani yake.

Katika miezi hiyo hakuna lililolipuka sokoni. S&P 500 ilitoka takriban 2,199 mwishoni mwa Novemba hadi takriban 2,364 mwishoni mwa Februari, ongezeko la asilimia 7.5 hivi, tena bila siku hata moja ya kuruka kwa asilimia 2. Soko lilipanda taratibu tu, likakataa kurudi nyuma. Kwa mwenye koli za ziada zilizouzwa, mwendo huo ni mgumu kuliko unavyoonekana, kwa sababu kila siku hasara ni ndogo kiasi cha kumshawishi asubiri kidogo, na kila siku koli zilizouzwa zinazidi kuwa nzito kuliko zilizonunuliwa.

Mwaka 2020 Tume ya Dhamana na Masoko ya Hisa ya Marekani ilieleza kwamba wawekezaji waliambiwa kuna mipaka madhubuti ya kudhibiti hasara, ilhali mipaka hiyo haikufuatwa. Kampuni iliyosimamia mfuko na mkuu wake walikubali kulipa jumla ya dola milioni 10.5, bila kukiri wala kukana. Kwa mwanafunzi wa opsheni, la kukumbuka katika kisa hiki ni kwamba kikomo cha hasara ambacho hakikuwekwa ndani ya mkataba wenyewe kinategemea mtu kukitekeleza katika siku ambayo kukitekeleza kunauma zaidi.

Ijumaa ya mwisho

Kuna hatari nyingine inayojificha mahali pasipotarajiwa, yaani pale palepale penye faida kubwa. Tuseme siku ya kuisha imefika na hisa inafunga dola 110 kamili au senti chache pembeni. Koli ya 100 ina thamani, kwa hiyo kwa utaratibu wa kawaida inatekelezwa yenyewe, na mwenye spredi anapewa hisa 100. Zile mbili za 110 ziko katikati ya njia panda. Wenye haki wanaweza kuzidai zote mbili, moja, au wasizidai kabisa, na wana muda wa kuamua hata baada ya soko kufungwa. Habari ikitoka jioni hiyo, uamuzi wao unaweza kubadilika.

Muuzaji hujulishwa baadaye, wakati hawezi tena kufanya lolote mpaka Jumatatu. Ikiwa hakuna aliyedai, ana hisa 100 mkononi. Ikiwa imedaiwa moja, hana kitu. Ikiwa zimedaiwa zote mbili, anadaiwa hisa 100 asizokuwa nazo, na Jumatatu soko likifunguliwa juu, atazinunua kwa bei hiyo ya juu. Koli nyingi za hisa za Marekani zinaweza kudaiwa hata kabla ya siku ya kuisha, hasa siku moja kabla ya tarehe ambayo mnunuzi mpya wa hisa hapati tena gawio, kwa kuwa mwenye koli iliyoingia ndani sana anaona heri achukue hisa mapema apate gawio lake. Muuzaji aliyedaiwa hisa asizonazo wakati huo huwa ndiye anayelilipa.

Kuifunika ile ya ziada

Dawa iliyo wazi ni kununua koli moja zaidi ya bei ya juu. Katika mfano wetu, koli ya 120 ingeuzwa takriban senti 60, yaani dola 60 kwa hisa 100. Ikinunuliwa siku ya kuingia, gharama yote inakuwa dola 160, kilele cha faida kinashuka hadi dola 840, na hasara haiwezi kuvuka dola 160 hata hisa ifike 500. Koli mbili zilizouzwa sasa zina koli mbili zilizonunuliwa za kuzikinga, na dhamana ya koli isiyo na kinga haidaiwi tena.

Anayeona dola 60 ni nyingi anaweza kwenda mbali zaidi na kununua koli ya 130, ambayo ingegharimu dola 15 hivi. Hapo hasara ya juu inakuwa dola 1,115. Si ndogo, lakini inajulikana tangu siku ya kwanza, na mtu anaweza kuamua mapema kama anaimudu. Tofauti ya bei kati ya kinga hizi ndiyo kipimo cha haki cha ile dhima: soko linataka dola 15 tu kumfunika muuzaji kuanzia 130 kwenda juu, na mwenye spredi isiyo na kinga amechagua kubaki nazo na kuibeba dhima hiyo mwenyewe. Kungoja hisa ipande ndipo kinga inunuliwe hakusaidii sana, maana kufikia hapo koli za juu nazo zimeshapanda bei.

Njia nyingine ni kwa mtu ambaye tayari ana hisa 100 za kampuni husika. Kwake koli ya pili ina kinga tangu mwanzo: ikidaiwa, anatoa hisa zake kwa dola 110. Anachopoteza ni kupanda kokote kwa hisa zake juu ya bei hiyo, na si fedha asizokuwa nazo. Anaendelea tu kubeba hatari ya kawaida ya mwenye hisa, kwamba bei inaweza kushuka.

Spredi ya uwiano hufanywa pia kwa puti, yaani opsheni za haki ya kuuza. Mtu hununua puti moja ya 100 na kuuza mbili za 90, akitarajia hisa ishuke kidogo. Hasara hapo ina mwisho kwa kuwa bei ya hisa haiwezi kwenda chini ya sifuri, lakini mwisho huo uko mbali: hisa ikifa kabisa, puti iliyonunuliwa inalipa dola 10,000 na zile mbili zinadai dola 18,000. Aliyeingia kwa gharama ya dola 100 au chini yake anabaki na deni la takriban dola 8,000. Kinga yake ni ileile, kununua puti moja zaidi ya bei ya chini.

Kwa hiyo, anayeoneshwa spredi ya uwiano, iwe ya koli au ya puti, anaweza kuipima kwa hesabu fupi. Ahesabu zilizouzwa, atoe zilizonunuliwa, na aangalie kama kuna hisa mkononi za kufunika zinazobaki. Kila inayobaki bila kifuniko ni mkataba unaojitegemea, wenye dhamana yake na hasara yake, na ndio unaostahili kupimwa kwanza kabla ya kuangalia kilele cha faida.